Neno lina kichwa na mkia: namna ya kufungua na kutunga maneno ya kupitana

Leo nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe. Ni kosa la herufi moja tu, lakini lilimnyima mtoto wa mtu zawadi yake, nami nilijifunza mengi juu ya lugha yetu.

Siku moja vijana wa parokia waliniomba niwatungie mchezo wa maneno ya kupitana, ule wa visanduku ambao mnaujua wote. Zawadi haikuwa kubwa: kaye tano na biki mbili kwa yule atakayejaza visanduku vyote bila kosa. Lakini kwa familia ambayo baba anangojea mshahara wa mgodi, kaye tano si mchezo. Mchezo wenyewe ulikuwa huu:

□□□□□□■■■
□■□■■■■■■
□□□□■■■■■
□■□■■■■■■
□■□■■■■■■
■□□□□□■■■
■■□■■■■■■
■□□□□□□□□

Maneno ni sita. Manne yanalala, mawili yanasimama. Maulizo niliyoandika siku ile ni haya:

Kulala.
1. Wanaenda kwenye masomo kila asubuhi, wazazi wanabaki (6).
3. Yanatafuna nyama (4).
4. Inavaliwa miguuni (5).
5. Wana homa, usiku wote ___ (8).

Kusimama.
1. Unaimbwa na korale (5).
2. Mimi na dada yangu, saa hii ___ (8).

Namba 1 inaanza pembeni juu kwa kulala na kwa kusimama. Namba 2 inashuka toka kisanduku cha tatu cha mstari wa juu. Namba 3 iko mstari wa tatu, namba 4 mstari wa sita, namba 5 mstari wa mwisho. Mukiwa na kalamu ya mti karibu, jaribuni kwanza, kisha tuendelee pamoja.

Binti aliyekataliwa

Majibu yangu mimi yalikuwa haya: WATOTO, MENO, VIATU, HAWALALI, WIMBO na TUNAPIKA. Binti mmoja wa miaka kumi na minne alileta karatasi safi, bila kufuta hata mara moja. Lakini pahali pa VIATU aliandika SOKSI, na pahali pa TUNAPIKA aliandika TUNASOMA. Nikapiga mstari mwekundu mara mbili. Kaye zikaenda kwa kijana mwingine.

Kesho yake binti akaja na baba yake, ambaye alikuwa ametoka kazi ya usiku na hakuwa amelala bado. Baba alibaki kimya. Mtoto ndiye aliyesema:

«Baba, nilikosa wapi? Maneno yote inapitana muzuri.»

Nikachukua karatasi, nikaangalia. Kweli, O ya SOKSI inakaa vizuri kabisa ndani ya TUNASOMA. Ni herufi ya pili ya neno moja na herufi ya sita ya neno lingine. N ya TUNASOMA inaingia katika MENO, na A yake ya mwisho inaingia katika HAWALALI. Hakuna kisanduku hata kimoja kinachogombana.

Halafu akaniambia neno lililoniua: «Baba, uliandika *inavaliwa*. Viatu *vinavaliwa*. Soksi njo *inavaliwa*.»

Alikuwa na haki. Mimi mtunzi niliandika kama tunavyosema mtaani. Katika Kiswahili cha Katanga, tukizungumza, kitu chochote kisicho na roho tunakipa *i-*: kisu iko wapi, viatu inapotea, maneno inapitana. Hakuna anayechekwa kwa sababu hiyo, na kila mtu anasikia. Lakini katika mchezo wa visanduku, herufi hizo za mbele ndizo ufunguo. Mtunzi akiziharibu, amempa mchezaji ufunguo wa nyumba nyingine.

Ulizo linabeba kichwa cha jibu

Sasa tuone ufunguo huo unafanya kazi namna gani. Katika Kiswahili, jina linavaa kofia, na maneno yote yanayolifuata yanavaa kofia ya rangi ileile. Kwenye masomo walimu wanaita jambo hilo ngeli. Kwa mchezaji maana yake ni rahisi: akiona mwanzo wa kitendo katika ulizo, anaweza kuandika mwanzo wa jibu kabla hajajua jibu lenyewe.

Ulizo likianza na *ki-*, jibu linaanza na KI, au CH kama irabu inafuata: kisu kinakata, chumba kinafagiwa. Likianza na *vi-*, jibu ni VI au VY: visu, vyumba. Likianza na *ya-*, mara nyingi jibu ni M, kwa sababu wingi wake ni MA: maji, mawe, majani. Likianza na *wa-*, tafuta WA. Likianza na *a-*, tafuta M au MW kwanza, kama mgonjwa, mwalimu, mwizi.

*U-* ina vyumba zaidi. Mkate unaliwa, mwiko unakoroga, ukuta unajengwa, wimbo unaimbwa. Basi jibu la *u-* linaweza kuanza na M, MW, U au W. Si mwanzo mmoja, lakini minne ni michache kuliko alfabeti nzima.

*I-* ndiyo mlango wenye hila. Katika lugha ya vitabu inafungua vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni vitu vingi vyenye MI: miti inaanguka, mikate inaliwa. Chumba cha pili ni kitu kimoja ambacho kofia yake haionekani: nyumba inajengwa, kalamu inaandika, soksi inavaliwa. Vikiwa vingi, hivi vya pili vinachukua *zi-*. Kwa hiyo mtu akiona «Inavaliwa miguuni» na visanduku vitano, VIATU haiwezi kuwa jibu. Binti alijua sheria kuliko mtunzi.

Tufungue mchezo kidogo kidogo

Tusahihishe kwanza maulizo mawili. Kulala 4: «Vinavaliwa miguuni». Kusimama 2: «Mimi na dada yangu, saa hii ___ sombe». Halafu tuanze kana kwamba hatujui jibu hata moja.

Kulala 4 inasema *vinavaliwa*. Tunaandika V na I, basi. Hatufikirii bado.

Kusimama 2 ni kitendo. Kitendo cha Kiswahili kinajengwa kama gari-moshi, kila behewa na pahali pake: mbele ni mtu, kisha wakati, kisha mzizi, na nyuma kabisa mkia. Kama kuna anayetendewa, behewa lake linaingia kati ya wakati na mzizi. «Mimi na dada yangu» ni sisi, basi TU. «Saa hii» ni NA. Mkia wa kitendo cha kukubali ni A karibu kila mara. Tayari tunayo haya: T, U, N, A, visanduku vitatu vitupu, A. Tumejaza vitano katika vinane, na hatujui bado kama watu hawa wanalima ao wanacheza.

Sasa mistari inaanza kusaidiana. I ya *vi-* inaangukia kisanduku cha sita cha kusimama 2: TUNA, kitupu, I, kitupu, A. Mzizi una I katikati, na ni wa sombe. PIKA! Na VI ya miguuni yenye visanduku vitano ni VIATU.

Oneni sasa kosa langu la pili. Mimi sikuandika «sombe» siku ile. Hata aliyejaza VIATU angeweza kuandika TUNALIMA ao TUNAPITA, na mwenye SOKSI angeweza kuandika TUNASOMA ao TUNATOKA. Yote yanaingia. Kichwa na mkia vinaeleza nani na lini. Haviwezi kueleza ni kazi gani. Mzizi unataka neno lake mwenyewe katika ulizo.

Kulala 1: *wanaenda*, basi WA. Kisanduku cha tatu kina T ya TUNAPIKA. WAT na vitupu vitatu: WATOTO.

Kusimama 1: *unaimbwa*. Tulisema M, MW, U ao W. Kisanduku cha kwanza kimekwisha kupata W toka WATOTO. Visanduku vitano, W mbele, cha korale: WIMBO.

Kulala 3: *yanatafuna*. Mwanzo ni M, na kweli M ya WIMBO iko pale. Kisanduku cha tatu kina N. Wengi wanakimbilia kuandika MA, kisha wanakwama, kwa sababu MAN na kisanduku kimoja haileti kitu cha kutafuna. Hapa *ma-* imekutana na *-ino*, na A na I zimeyeyuka pamoja zikawa E: MENO. Basi, kwa *ya-* andikeni M peke yake kwa biki. A ngojeni nayo.

Kulala 5: watu wenye homa wamekosa kitu usiku wote. Kukataa kwa wakati huu kuna alama mbili, HA mbele na I nyuma. Watu hao ni *wa-*. HAWA, vitupu vitatu, I. Tena vitano katika vinane. Mgonjwa mwenye homa anakosa nini usiku? HAWALALI. Na A yake ya kwanza ndiyo A ya mwisho ya TUNAPIKA. Mchezo umekwisha.

Mitego minne

Usiamini kofia bila kuangalia. Mara nne inadanganya, nayo ni vizuri kuzijua.

Wa kwanza ni wanyama na watu. Chochote chenye roho kinachukua *a-* na *wa-*, hata kama jina lake limevaa kofia nyingine. Kifaru anakimbia, kipofu anaongozwa, simba analala, samaki anaogelea. Kwa hiyo *a-* katika ulizo la mnyama haikupi herufi yoyote ya hakika. Dalili yenyewe ni hii: umeandika M, na herufi inayopita inagoma.

Wa pili ni vitendo vyenye asili ya Kiarabu kama jibu, samehe, fikiri, rudi. Hivi havina mkia wa A, na katika kukataa havigeuki kuwa I. Ni HAWAJIBU, ni HAWASAMEHE. Ukishaandika I nyuma kwa haraka, utafuta.

Wa tatu ni vitendo vifupi, kama kula na kuja. Mzizi wao ni mdogo, basi wanabeba KU katika nyakati fulani na kuiacha katika nyingine. TUNAKULA ni visanduku vinane, lakini HATULI ni sita tu. Hesabu kabla ya kuandika.

Wa nne ni wetu sisi watu wa Katanga. Kinywani tunasema *mutoto*, *batoto*, *bitu*, *katoto*, *tutoto*. Hayo si makosa. Ni lugha yenye sheria zake. Lakini Kiswahili cha vitabu kilipangwa na kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, na msingi wake ulikuwa Kiswahili cha Unguja. Ndiyo sababu kitabu kinaandika *mtoto* na *watoto*.

Katika visanduku tofauti hiyo inaonekana kwa namna mbili. Pengine hesabu inaamua: MTOTO ni vitano, MUTOTO ni sita, basi ukihesabu unajua mtunzi anataka Kiswahili gani. Lakini WATOTO, BATOTO na TUTOTO yote ni sita! Hapa hesabu haisaidii. Neno linalopita katika kisanduku cha kwanza peke yake ndilo linaweza kuamua. Katika mchezo wetu, W ya WIMBO ilifanya kazi hiyo. Kama ningeweka WIMBO pengine na kuacha kisanduku kile bila neno la kupita, mtoto aliyeandika BATOTO angekuwa na haki kama yule binti.

Mkia nao unasema

Kabla sijafunga, neno moja juu ya nyuma ya kitendo, maana wengi wanaangalia mbele tu. Ulizo likisema «wao kwa wao», jibu linaishia ANA: pendana, saidiana. Likisema jambo linafanywa na mtu fulani, kuna W karibu na mwisho: pikwa, imbwa. Likisema kufungua kile kilichofungwa, tafuta UA ao OA: funga inakuwa fungua, ziba inakuwa zibua, choma inakuwa chomoa.

Likisema kumfanyia mtu, mkia ni IA ao EA. Likisema kumfanya mtu atende, mara nyingi ni ISHA ao ESHA. Namna gani kujua kama ni I ao E? Irabu ya mzizi inaamua. Mzizi wenye A, I ao U unaleta I: pandisha, pikia, rukia. Mzizi wenye E ao O unaleta E: pendea, somea, chekesha.

Na mchezaji mwenye akili anageuza sheria hiyo. Kama ameshapata E kabla ya SHA, lakini mzizi bado ni mtupu, anajua kwamba irabu ya mzizi ni E ao O. Anaweza kuacha maneno mengi bila hata kuyajaribu.

Kwa ninyi mnaotaka kutunga

Tangu siku ile ninafuata njia hii. Ninaandika jibu kwanza, kisha ninalisimamisha na *hiki, hivi, huyu, haya, hii* mpaka nisikie kofia yake: viatu hivi. Baada ya hapo tu ninaandika ulizo, na kitendo chake ninakianzisha na kofia ileile. Juu ya karatasi ninaandika wazi: «Kiswahili cha vitabu», ao «Kiswahili cha kwetu», si vyote viwili. Mwishoni ninampa mtu mwingine aufungue bila mimi kuwa karibu. Akipata neno lingine linaloingia kila kisanduku, si yeye aliyekosa. Ulizo ndilo linarudi kwenye kalamu.

Yule binti nilimpa kaye tano zake, nilizozinunua mimi mwenyewe. Kijana aliyeshinda alibaki na zake, maana naye hakukosa kitu. Baba wa binti alicheka, akasema: «Sasa tuache nilale.» Naye binti akaomba kitu kimoja zaidi: mchezo wa mwezi uliofuata autunge yeye. Nikakubali. Maulizo manne haya chini ni yake. Kila moja lina mtego ambao tumeuona leo ama sheria tuliyoitaja.

1. Anashinda majini, usiku anatoka kula majani (6).
2. Zinaimbwa na korale (6).
3. Kumlipia mtoto masomo: ku___ (7).
4. Mlango ulifungwa. Sasa ___! (6)

Majibu: 1. KIBOKO, kwa sababu mwenye roho anachukua *a-* hata akivaa KI. 2. NYIMBO, wingi wa wimbo, maana *zi-* haina kofia moja, lakini wengi wa U na W wanahamia huko. 3. SOMESHA, yenye E kwa ajili ya O ya *soma*. 4. FUNGUA, mkia unaogeuza kazi ya *funga*.